Viatu kwenye Jamvi la Karafuu

Mjukuu wangu Asma alitaka kazi ya kuwatembeza wageni wa Kifaransa. Mwalimu wake wa Kifaransa, Abdulsamad wa Madungu, ndiye angempeleka kwenye nyumba ya wageni, lakini alisema atamjaribu kwanza. Akamleta mgeni wa kweli hapa Mtambile, mama mtu mzima aitwaye Bi Hélène, aje aone karafuu zangu zikianikwa.

"Wewe ndiye mwenye kumwongoza," Mwalimu akamwambia Asma. "Mimi nipo tu."

Bi Hélène alizipenda karafuu mno. Akataka kuzigeuza nasi, akaliendea jamvi na viatu vyake vyenye udongo. Asma akamwahi kwa sauti ya upole:

"Vous avez besoin d'enlever vos chaussures."

Mgeni akacheka, akajibu, kama Asma alivyonieleza baadaye, kwamba miguu yake haina shida, ahsante. Akainua mguu.

"Asma," Mwalimu akanong'ona, "umemwambia ana haja ya kuvua. Haja ni yake, na yeye kaona hana."

Mtoto akapaparika. "Vous devez enlever vos chaussures, madame!"

Mguu ukabaki hewani. Uso wa mgeni ukaiva. Mimi Kifaransa sikijui, lakini amri naijua, na kwetu hatumwamrishi mtu mzima aliyeingia uani kwetu. Asma naye alilijua hilo, maana aliinamisha kichwa.

"Sasa umemwambia 'wewe lazima uvue,' umemnyooshea kidole," Mwalimu akasema. "Yeye peke yake, kama kakosa."

Nikadhani kazi imekwenda. Nikamsogezea mgeni kigoda na maji ya madafu, akae kidogo. Aliyapokea kwa mikono miwili, Mungu ambariki.

Asma akavuta pumzi. Akavua ndara zake, akaziweka pembeni, akasema polepole:

"Chez nous, il faut enlever ses chaussures avant de marcher sur le jamvi."

"Ah," akasema Bi Hélène, akaanza kuvua papo hapo.

Nikamuuliza Asma amesema nini. "Nimesema kwetu ni lazima kuvua, Bibi. Sikumtaja mtu. Ni sharti la jamvi."

Nami nikavua. Tukabaki sote watatu peku, na Mwalimu kasimama na viatu vyake vyeusi, anaangalia mnazi.

"Mwalimu," Asma akasema, macho yake yanacheka, "il faut."

"Mimi msimamizi."

"Sharti halina msimamizi."

Akavua kwa taabu. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na dole gumba limetoka nje kuchungulia. Bi Hélène akalitazama, akalionea huruma, akasema neno. Asma akaziba mdomo kwa kanga.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Vous avez besoin de chaussettes. Anasema Mwalimu ana haja ya soksi."

Mwalimu akacheka hata akashika mbavu. "Hiyo 'haja' kaitumia pahala pake," akasema. "Nawe umefaulu, Asma. Jumatatu uje mjini Chake, nikupeleke kwenye nyumba ya wageni."

Kisha tukageuza karafuu.