Majina Mlangoni mwa Ukumbi wa Mazoezi

Pyo Yeon-ju, mwalimu wa michezo katika shule moja ya kati huko Gunsan, Korea Kusini, alikuta wanafunzi wamesongamana mlangoni mwa ukumbi wa mazoezi wakati wa chakula cha mchana. Walikuwa wanasoma karatasi iliyobandikwa pale na kucheka. Mvulana mmoja aliita, "Gil Da-hye, njoo uone, umekuwa wa kwanza kutoka nyuma!" Yeon-ju akasogea.

Yalikuwa majibu ya vipimo vya siha vya kidato cha pili: jina la kila mtoto, daraja lake kuanzia la kwanza, lililo bora, mpaka la tano, na pembeni uwiano wa uzito na urefu wake. Kwenye mstari wa Da-hye paliandikwa "mnene kupita kiasi".

Damu ilimchemka. Aliibandua karatasi ile mbele ya wote, akaikunja na kuwaamuru watawanyike. Da-hye alikuwa amesimama mbali, trei ya chakula mikononi. Alimwaga wali na supu yote kwenye ndoo ya mabaki bila kuonja.

Aliyebandika alikuwa Ma Gwang-sik, mkuu wa idara ya michezo, mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Ndiye pia aliyechagua vipimo. Utaratibu uliwaruhusu kuchagua kimoja kwa kila uwezo wa mwili, naye kwa upande wa pumzi alichagua mbio za kwenda na kurudi kwa mlio unaozidi kuharakisha, huku darasa zima likikaa ukutani kutazama nani anashindwa kwanza. Mwezi Machi Yeon-ju alipendekeza kupanda na kushuka kibao kisha kupima mapigo ya moyo, kwa kuwa wote huanza na kumaliza pamoja. Ma alimjibu kwamba kibao hakionyeshi vizuri uwezo wa mtoto, na kwamba wakibadilisha kipimo hawataweza kulinganisha na mwaka jana. Kwa hilo hakukosea, na Yeon-ju alikubali. Sasa alijilaumu kwamba hakuuliza juu ya wale watazamaji.

Kabla ya kumfuata Ma, alimkalisha Da-hye kwenye chumba cha vifaa. Mtoto huyu alikuwa mcheza judo. Nguvu ya mshiko wake ilipita ya wasichana wote. Mwaka jana alikimbia vizuri. Mwaka huu aliacha mapema, na Ma aliandika daraja la tano bila kuuliza.

"Siku ile uliumwa?" Yeon-ju aliuliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Basi ilikuwaje?"

Da-hye alikaza macho sakafuni. "Walikuwa wanapiga miguu chini kila nikikanyaga. Kama tetemeko. Nikaona bora nitoke. Nikipunguza kilo, watanifuta kwenye ile orodha?"

Yeon-ju alimweleza kuwa kile kipimo hakijui kutenga misuli na mafuta, ni uzito tu unaolinganishwa na urefu, na kwamba hana haja ya kupunguza chochote. Alisema polepole.

Mbele ya mwalimu mkuu, Ma hakuona kosa. Alidai aibu kidogo humfanya mtoto ajitume, na kwamba wa daraja la nne na la tano lazima waingie darasa la ziada la mazoezi, sasa wangejuaje?

"Wangeambiwa mmoja mmoja, Mwalimu Ma," alisema Yeon-ju. "Alama ikianguka ghafla hivyo, unamuuliza mtoto kwanza. Wewe hukupima pumzi yake. Umepima anavyostahimili kuchekwa."

"Mwalimu Pyo, chunga mdomo wako. Mimi nimepima watoto tangu wewe uko shule."

"Ndiyo maana nakasirika zaidi."

Mwalimu mkuu alikohoa, akaomba pawe na amani. Mwishowe aliamua: majibu yatolewe faraghani, uzito upimwe nyuma ya pazia, na wanaosubiri zamu wapewe kazi upande wa pili wa ukumbi. Mbio zile zibaki. Wanaotaka kurudia waruhusiwe. Kuhusu kuwaomba watoto radhi, alisema wasikuze mambo.

Da-hye alirudia wiki iliyofuata, akiwa na wasichana wenzake watatu tu. Alikimbia mpaka mlio ukamwacha, akapanda madaraja mawili. Yeon-ju alimwita kando, akamwonyesha alama zake za mwaka jana na za leo, bila za mtu mwingine.

Da-hye aliangalia, akaitikia kwa kichwa. Lakini mchana ule alikula nusu ya wali tu, na wavulana wa meza ya jirani waligongagonga miguu chini ya meza. Yeon-ju aliweka chini kijiko chake, akainuka kuwafuata. Hasira ilikuwa bado haijampoa, wala hakutaka ipoe.