Bosi Agomea Chumba

Tulihama Jumamosi, na kwa furaha nilibeba godoro peke yangu huku nikiimba. Nyumba nzima! Kwa miaka minne tulikuwa tumepanga chumba kimoja: kitanda chetu hapa, cherehani ya mke wangu pale, na katikati, kwa miezi minane sasa, kitanda cha mtoto wetu ambaye majirani walimpa jina la Bosi kwa jinsi anavyotoa amri. Leo tuna sebule, jiko letu wenyewe na vyumba viwili. Bosi ana chumba chake. Nilikuwa sishikiki.

Hata hivyo sikukurupuka. Nesi wa kliniki alikuwa ametuonya tusimbadilishie mtoto kila kitu kwa mpigo, nami neno lake nililishika kwa mikono miwili. Kitanda ni kilekile. Shuka ni ileile, tena haijafuliwa, ili anuse harufu anayoijua. Mchana tulicheza naye humo chumbani ili akizoee. Kila wakati wa kulala tulifuata utaratibu wake wa zamani: ananyonya, pazia la kijani linafungwa, mama yake anamwimbia wimbo wa kuku wanne, kisha analazwa chali. Mimi ni fundi rangi, na zile kuta zilikuwa zinaniita, lakini niliogopa kumletea harufu ngeni nikaziacha na madoa yake.

Juu ya hayo nikamwongezea zawadi ambayo hakuwahi kuipata: ukimya. Cherehani niliitupa kona ya sebule, nikaifunika blanketi na kupiga marufuku kushona Bosi akiwa kitandani. Viatu vilivuliwa mlangoni. Mama mkwe, aliyekuja kutusaidia kuhama, alipiga chafya siku ya pili nikamtolea macho, jambo ambalo mpaka leo naona aibu nalo.

Bosi akagoma. Siku tatu alilala vipande vya dakika kumi, akashtuka, akalia mpaka sauti ikamkauka. Kwa usingizi, mke wangu alitia chumvi kwenye chai yangu bila kujua. Jumanne, mama mkwe akatoa uamuzi: yeye na basi la saa kumi jioni, na binti yake na mjukuu wake wanakwenda naye, wakapumzike wiki mbili mpaka mtoto atulie. Mke wangu alikubali. Nilitazama mabegi matatu pale mlangoni, nikahisi nyumba yangu mpya imeshakuwa ghala.

Saa nane mchana nikaomba nafasi ya mwisho. Akanyonya, pazia likafungwa, kuku wanne wakaimbwa, akalazwa. Mimi nikabaki nikimpapasa kifua, na yeye ananitazama kama mtu anayesubiri gari lililochelewa. Mdomo ukaanza kupinda.

Hapo ndipo nikasikia cherehani. Mke wangu alikuwa amelitoa blanketi, kwa sababu kulikuwa na gauni la mteja lililobaki pindo, naye hakutaka kusafiri na deni la kazi. Nilipandwa na hasira. Niliinuka niende nikaisimamishe, na nilipofika mlangoni nikageuka kumwangalia mtoto.

Mdomo umerudi mahali pake. Kope zinashuka.

Cherehani ikatulia, pindo limekwisha. Macho ya Bosi yakafunguka, yote mawili. Nilitoka mbio bila viatu.

"Kanyaga," nikamwambia mke wangu. "Usiache, kanyaga."

"Kitambaa kimekwisha, Baba Bosi."

"Kanyaga hivyohivyo."

Alinitazama, akatazama mlango wa chumba, na nikaona usoni mwake kwamba ameng'amua. Mtoto huyu alikuwa amelelewa chini ya mlio huo, tangu kabla hajazaliwa. Tulimhamishia kila kitu, isipokuwa hicho nilichokifunika mimi mwenyewe. Akalegeza skrubu ya gurudumu ili sindano isimame, akakanyaga. Nikaenda kuchungulia: Bosi kalala fofofo, mikono juu, kama aliyejisalimisha. Nilitaka kupiga vigelegele, nikauma kola ya shati.

Saa tisa ikafika, Bosi anakoroma. Mke wangu alikuwa anasinzia na mguu ungali unakwenda. Mama mkwe akainuka. Alimshika binti yake bega, akamwondoa kwenye kiti, akamwelekeza chumbani, na mke wangu akajilaza kwenye mkeka kando ya kitanda cha mwanawe na kuzimika palepale.

Mama mkwe akakaa kwenye kile kiti, akavua kandambili, akaweka miguu kwenye kanyagio, akakanyaga.

"Baba," akaniambia bila kugeuka, "hayo mabegi yananizibia upepo. Yarudishe ndani."