Maghala Mawili, Siku Moja

Byamungu, mkaguzi wa hesabu wa Uvira aliyekimbilia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, alipewa kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya wakaguzi Lilongwe, akaambiwa ashukuru. Leo alichapa mpango wa kukagua kampuni ya sukari. Hatari kubwa ya udanganyifu ilikuwa mali ghalani. Timu ingehesabu ghala la Kawale Jumatatu, la Dowa Jumanne. Vidole vikasimama.

"Madamu, magunia iko na usiku muzima ya kusafiri, ihesabiwe mara mbili. Tuhesabu yote siku moja, malori isimame."

Bi Nkhoma, mkuu wa ukaguzi, aliigawa timu pande mbili kwa kalamu. Kwenye mstari wa ghala la Dowa aliandika: Byamungu.

Kwa miaka minne, orodha pekee iliyolijua jina hilo ilikuwa ya mgao wa mahindi kambini. Alilichapa herufi mojamoja, polepole, kama mtu aliye kanisani.