Kisu Kilichoogeshwa

Tone. Tone. Tone. Kabla ya adhana ya alfajiri, maji yalikuwa yanadondoka kutoka mezani hadi sakafuni, na Semeni akajua jikoni kuna jambo.

Mkwe wake Rahel, aliyekuja juzi kutoka Dar, alikuwa amekionea huruma kisu cheusi cha Semeni. Jana yake jioni alikisugua kwa sabuni, kisha akakilaza mezani ndani ya beseni la maji lililokuwa likivuja, kipumzike. Kilipumzika vizuri. Semeni alikitoa kikiwa na kutu nyekundu toka ncha hadi shina, na mpini wake wa mninga umevimba na kupata ufa.

"Shikamoo, mama. Nimekuoshea."

"Marahaba, mwanangu. Umekiosha mpaka kimebadilika rangi."

Saa sita walimu hamsini waliokuwa na mkutano wangekuja kula kwenye banda lake hapo Dumila. Wakikosa chakula, mkutano ujao wangepikiwa na mwingine, na huyo mwingine alikuwa anasubiri kwa hamu.

"Usijali," alisema Rahel, akifungua boksi. Visu vitano vya stenlesi, mipini ya plastiki ya bluu. Viling'aa kama meno ya mgombea.

Vilianza vizuri. Kwa vile havishiki kutu, Rahel alikatakata kabichi juu ya sahani ya bati bila wasiwasi. Kabichi ya tatu, makali yakaaga. Nyanya ikakandamizwa hadi ikatoa mbegu, bila kukatika.

"Mama, hii nyanya ngumu."

"Ngumu sana. Pengine ina mfupa."

Kisu cha pili akakiegemeza kwenye jiko la mkaa. Mpini ukalainika, ukainama, ukanuka.

"Huyo anakusujudia," alisema Semeni.

Macho ya Rahel yakajaa maji. Hapo Semeni akakumbuka kwamba tangu ndoa yake, hakuna mgeni mwingine aliyewahi kumwoshea chombo bila kuombwa. Akachukua jivu na kipande cha ndimu, akasugua kutu ya kisu cheusi, akasuuza na kukausha papo hapo. Ufa akaufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Halafu jiwe la kunolea: kwaru, kwaru, mara chache tu. Chuma cha springi ya gari kilichofuliwa na mhunzi wa milimani hakihitaji kubembelezwa, kinataka kukaushwa na kupakwa mafuta kidogo.

"Mimi nakata nyama na kabichi kwa hiki. Wewe chukua kimoja kizima, ukate nyanya na ndimu, kwenye ubao. Changu kikikaa na ndimu kinakuwa cheusi na kutia chakula ladha ya chuma. Chako hakijali."

Saa sita kasoro dakika kumi, sahani hamsini zilikuwa tayari. Mwalimu mkuu alisifia kachumbari. Rahel alitabasamu kama aliyeibuni.

Jioni Semeni alimsindikiza hadi kwenye basi, akamtilia ndizi kwenye mfuko.

"Uje tena, mwanangu. Mapema. Ila kisu ukikikuta kikavu, kiache hivyo hivyo."