Kadi ya Babu Mabano

Watu wakiuliza ni nani aliyemtoa Mwalimu darasani, wengine humtaja mzazi aliyelalamika, wengine mkaguzi. Mimi nasema ni mimi. Na sitaki mtu anishike bega aniambie nisijilaumu, maana hao wanaosema hivyo hawakuwepo, na hata kama wangekuwepo hesabu zenyewe hawazijui.

Alikuwa mwalimu wangu kabla sijawa mkuu wake wa idara. Wanafunzi walimwita Babu Mabano, kwa sababu ukisahau mabano kwenye daftari lake hakuweka alama ya kosa, alikurudishia daftari zima uandike upya. Mimi aliniita Kiberiti tangu nikiwa na miaka kumi na saba, kwa hasira zangu, na hata nilipopewa ofisi na funguo zake aliendelea kuniita hivyo mbele za watu. Sikuwahi kumkatalia.

Mwaka jana akaanza kupotea. Mwanzoni ni vitu vidogo: kaingia darasa la jirani, kaita mahudhurio mara mbili. Halafu siku tatu mfululizo akafundisha darasa la mwisho somo lilelile, neno kwa neno, mpaka ule mzaha wa katikati. Mzazi mmoja akaandika barua. Mkuu wa shule akaniita akaniambia mkaguzi anakuja Alhamisi, ataketi nyuma ya darasa, na atakachoandika ndicho kitakachofuatwa. Mihula miwili tu ilikuwa imebaki astaafu.

Jioni ile mkewe alikuja kwangu. Ni mama mpole, wa kusema kidogo. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni kama mtu asiyetaka kusumbua.

"Mwanangu," akasema, "nyumbani ananiuliza choo kiko wapi. Asubuhi akivaa koti la shule anakuwa mume wangu. Mkimtoa kule, mimi nitabaki na nani?"

Nikamwambia hatatoka. Nilisema hivyo kwa kinywa kipana, kana kwamba shule ni ya baba yangu.

Mpango wangu ulikuwa huu. Somo lile alilorudia siku tatu ndilo somo ambalo hakuwahi kulikosea maishani: kutafuta mteremko wa moja juu ya x, kisha wa kipeuo cha pili cha x, bila kanuni ya mkato, kwa kuanzia mwanzo kabisa. Kama yote yamemtoka, hilo limebaki. Basi mkaguzi angeonyeshwa hilo. Nilikwenda kuzungumza na wanafunzi. Niliwaambia ukweli wote, na nikawaomba walipokee kama jipya. Kiongozi wa darasa, msichana mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tutaandika, Mwalimu," akasema. "Kwani tukiandika mara ya nne tutakufa?"

Tatizo lilikuwa mwanzo. Alihitaji kusukumwa aanze, kama gari lenye betri mbovu. Likishawaka linakwenda lenyewe. Nikachukua kadi ngumu nikaandika kwa herufi kubwa: *Anza na 1/x. Kisha kipeuo cha pili cha x. Usimguse h mapema.* Ufundi wenyewe wa kati sikuuandika. Nani angemwandikia Babu Mabano mambo ya mabano? Nikaiweka kwenye mfuko wa juu wa koti lake, pamoja na leso yake ya chaki.

Alhamisi saa tatu asubuhi mkaguzi alikaa nyuma, mimi pembeni yake. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kalamu mbili mfukoni, na hakuwa na ubaya wowote usoni. Mwalimu akasimama ubaoni. Akatoa kadi, akasoma, akairudisha. Nikaona mabega yake yakishuka, na nikajua amewaka.

"Tuna moja juu ya x," akasema. "Tunasogea kidogo, kiasi cha h. Tofauti tunaigawa kwa h."

Akaandika: [1/(x+h) − 1/x] ÷ h.

"Mwenye haraka anaweka sifuri mahali pa h sasa hivi. Anapata nini?"

"Sifuri juu ya sifuri."

"Na sifuri juu ya sifuri ni nini?"

"Ni hujajua bado, Mwalimu," darasa zima likajibu. Lilikuwa jibu lake la miaka yote. Na mimi nimewahi kulitoa, kwenye dawati lile la dirishani.

"Basi tunafanya kazi. Sehemu mbili zinataka asili ya pamoja. Ni x mara (x+h). Juu tunapata x toa (x+h), ndani ya mabano." Akagonga mabano kwa chaki. "Mabano ni ukuta. Ukiubomoa, alama ya kutoa inaingia kwa kila aliyemo ndani. x toa x toa h. Inabaki hasi h. Aliyesahau ukuta amepata h chanya, na mteremko wake unapanda wakati mchoro unashuka. Huyo asije kunijengea nyumba."

Wakacheka. Walikuwa wameshausikia mzaha huo mara tatu, na walicheka vizuri kuliko siku zote. Niliwapenda kwa hilo.

Hasi h juu ya x(x+h), ikigawanywa kwa h. H wa juu na h wa chini wakakatwa. Ikabaki hasi moja juu ya x(x+h). "Sasa, na sasa tu, mwacheni h aende sifuri." Hasi moja juu ya x mraba. Akapiga mstari.

Kwenye kipeuo alikuwa mzuri zaidi. Akaandika √(x+h) − √x, yote juu ya h. Akasema hapa hakuna sehemu za kutafutiwa asili, kwa hiyo ufundi wa kwanza haufai. Vipeuo vinataka kutolewa kwenye kifungo chao. "Mpe mwenzake. Yuleyule, ila katikati ana jumlisha. Zidisha juu, zidisha na chini, usimdhulumu mtu." Juu ikawa x+h toa x, yaani h peke yake. Chini h mara (√(x+h) + √x). Wakakatwa. Ikabaki moja juu ya √(x+h) + √x, na h alipokwenda sifuri vipeuo viwili vikawa sawa: moja juu ya 2√x.

Mkaguzi aliandika sentensi ndefu. Nilichungulia bila aibu. Aliandika: *ufafanuzi wa hali ya juu.* Nilihisi machozi yananijaa, nikayazuia kwa hasira. Zilibaki dakika kumi na mbili. Angewapa zoezi, kengele ingelia, mchezo ungekwisha.

Mwalimu alijipangusa vidole. Chaki ilikuwa imemjaa, akaingiza mkono mfukoni atoe leso, na pamoja na leso ikatoka kadi.

Akaisoma. Niliona macho yake yakienda kwenye mstari wangu wa kwanza na kusimama pale. Alikuwa mtu mtiifu kwa maandishi, siku zote. Akaiweka mezani, akachukua kifutio, akafuta ubao wote, taratibu, kuanzia juu.

"Haya," akasema. "Leo tuna moja juu ya x."

Hakuna aliyecheka. Kiongozi wa darasa aligeuka akaniangalia, kisha akafunua ukurasa mpya, akaandika tarehe. Mmoja baada ya mwingine, wote wakafunua ukurasa mpya. Kalamu ya mkaguzi ilisimama.

Ningeweza kuinuka pale. Ningesema kuna simu, kuna mgeni, chochote. Nilikaa, kwa sababu nilidhani akimaliza tena vizuri labda mkaguzi ataona ni marudio tu. Moja juu ya x akaimaliza, mabano na yote. Akaandika √(x+h) − √x juu ya h. Na hapo akasimama.

Chaki ilikaa ubaoni bila kusogea. "Asili ya pamoja," akasema, akaanza kuitafuta, lakini pale juu hapakuwa na sehemu zozote. Akafuta. Akaandika tena vilevile, akafuta. Shingo yake ilikuwa imelowa. Halafu akafanya kitu ambacho tangu nimjue hakuwahi kukifanya wala kumsamehe aliyekifanya: akaweka sifuri mahali pa h. Akaandika 0/0, akarudi hatua moja, akaitazama.

"Sifuri juu ya sifuri," akasema kwa sauti ndogo, "ni nini?"

Safari hii hakuwa anawauliza. Alikuwa anauliza.

"Ni hujajua bado, Mwalimu," msichana wa miwani akajibu, peke yake.

Akazunguka, akatupitia macho mmoja mmoja, mpaka akanifikia mimi nyuma. Uso ukafunguka. "Kiberiti. Umemaliza? Njoo ubaoni."

Nikaenda. Sijui kama ningeweza kutokwenda. Mkuu wa idara mzima nikachukua chaki mkononi mwa mwalimu wangu, mkaguzi akiangalia, nikafuta zile sifuri, nikampa kipeuo mwenzake juu na chini. Alikuwa nyuma ya bega langu, nikisikia pumzi yake. Tulipowakata h wawili akasema, "Ehee. Sasa, na sasa tu." Aliuona ufundi wote. Ukimwekea mbele aliuona wote. Ni kuuleta mwenyewe ndiko kulikomshinda.

Kwenye korido mkaguzi alinisubiri. "Mara ya kwanza ningempa alama zote," akasema. "Nani aliandika ile kadi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Jumatatu darasa lilikuwa langu.

Nilikawia wiki tatu kwenda kwao, kwa woga. Mkewe hakuniambia neno baya. Ingekuwa afadhali angesema. Alinionyesha tu meza ya jikoni. Mwalimu alikuwa amevaa koti la shule, mbele yake kadi yangu, imechakaa pembe, na karatasi zimejaa. Anaamka, anasoma kadi, anaanza na moja juu ya x. Anafika kwenye kipeuo, anakwama, analia. Halafu anaisoma kadi tena.

"Nikimnyang'anya anaitafuta nyumba nzima," mama akasema. "Fanya uwezalo, wewe ndiye uliyeiandika."

Nilikaa pembeni yake, nikachukua kadi nyingine. Niliandika yote, hatua kwa hatua: asili ya pamoja, mabano, hasi h, mwenzake juu na chini, mpaka moja juu ya 2√x. Na chini kabisa nikaandika neno ambalo lingetosha siku ile, neno moja: *Umemaliza.*

Alifuata kwa kidole. Alipofika chini akaniangalia kama mwanafunzi anayeogopa kukosea.

"Nimemaliza?"

"Umemaliza, Mwalimu."

Akafunika kalamu yake, akavua koti, akampa mkewe. Akamuuliza, "Na wewe ni nani?"