Gari Jeupe la Gati la Klinka

Kalunde Mutie alizaliwa Kyuso, huko Kitui, ambako maji yenyewe ni ya kutafuta, lakini mwaka wa 1997 alikuwa Mombasa akipima mafuta ya meli. Gati alilofanyia kazi lilikuwa mali ya kampuni ya binafsi iliyoagiza klinka, yale mawe yanayosagwa kuwa saruji. Meli ilikaa hapo siku tano, sita, ikipakuliwa, na jenereta zake hazikuzimwa. Zilichoma mafuta mazito, yale meusi kama lami ambayo lazima yachemshwe ndipo yapite kwenye mabomba.

Upande ule moshi ulikoelekea kulikuwa na zahanati. Nesi wake, Kavata, alikuwa mtu wa Kitui pia.

"Mwaitu, nimepata watoto kumi na tisa wa kifua wiki hii," Kavata alimwambia, akimwita mama kwa Kikamba chao. "Shuka nikianika nyeupe, naanua na madoadoa."

Kalunde akapima mafuta ya meli iliyokuwa gatini. Salfa asilimia tatu. Akapiga hesabu: tani tano kwa siku, kilo mia na hamsini za salfa, na kila kilo ikiungua hutoa kilo mbili za gesi inayowasha koo. Kilo mia tatu kila siku, masizi hajayahesabu. Akampelekea meneja, Bwana Evanson Gicheru.

Gicheru alifurahi sana.

"Madam, umesikia mkataba mpya wa kimataifa? Mwezi wa tisa wamekubaliana, salfa isizidi nne na nusu. Sisi tuko tatu! Tumeshinda dunia!"

"Lakini mzee, karibu meli zote duniani ziko chini ya nne na nusu. Hiyo sheria haimkatazi mtu. Na bado haijaanza kutumika."

"Kwa hivyo tumeitii kabla haijaanza," alisema Gicheru, akaagiza kibao kichongwe: GATI SAFI.

Aliyeziuzia meli hizo mafuta alisikia habari hizo hizo akazielewa upesi zaidi. Kama kikomo ni nne na nusu na yeye yuko tatu, basi ana nafasi. Akaanza kuchanganya mafuta machafu zaidi. Mwezi wa kumi na moja Kalunde akapima nne nukta mbili.

"Imepita?" Gicheru akauliza.

"Imepita. Ndiyo shida yenyewe."

"Kitu kikipita si shida, madam."

Siku chache baadaye Gicheru alinunua Peugeot nyeupe, akaiegesha chini ya kibao chake. Baada ya wiki akamwita Kalunde mbio. Boneti ilikuwa na vidoti vya kahawia, na rangi imeliwa. Kalunde akalowesha karatasi ya litmas, akaiweka juu ya chembe moja ya masizi. Ikageuka nyekundu.

"Ni asidi, mzee. Chembe za moshi zinaibeba, zinatua nayo."

"Inakula chuma?"

"Inakula rangi kwanza. Mapafu hayana rangi."

Gicheru hakuisikia hiyo ya mwisho. "Ifanywe nini?"

"Meli ikifunga kamba, ihamie dizeli nyepesi. Salfa yake haifiki asilimia moja."

Amri ikatoka siku hiyo hiyo: gari la meneja likiwa hatarini, meli zichome dizeli. Wiki iliyofuata upepo ukageuka kidogo, ukaiacha Peugeot, ukarudi zahanati, na amri ikalegea. Kalunde akafikiri usiku na mchana, kisha akaenda kwa mkubwa wake kwa adabu zote.

"Mzee, hapa jua litamaliza rangi. Zahanati wana mkwaju wenye kivuli kizuri."

Tangu hapo Peugeot ilishinda zahanatini, na meli zikachoma dizeli kila siku. Kavata akahesabu watoto saba. Gicheru akapata barua ya pongezi kutoka makao makuu kwa kuwapenda wananchi, akaisoma mbele ya wafanyakazi kwa sauti iliyotetemeka.

Kisha Krismasi ikafika. Gicheru akapanda gari lake akaenda kwao Malili, ambako familia ina duka. Kesho yake meli ikafunga kamba, ikaanza kutoa moshi mweusi.

Kalunde alisimama gatini akiutazama. Gari likiwa halipo, hakuwa na amri ya kumuonyesha mtu. Akapanda ngazi ya meli, akamtafuta injinia mkuu.

"Gati hili ni dizeli," akamwambia.

"Nani amesema?"

"Mimi. Ndimi ninayepima."

Injinia alimtazama, akatazama chupa zake za sampuli, akapandisha mabega. "Nipe saa moja. Nikibadilisha ghafla, pampu zitakwama."

"Chukua hata mbili."

Akaketi pale pale kwenye ngazi. Moshi ukafifia polepole, ukawa kijivu, kisha paa la zahanati likaonekana wazi. Kavata alikuwa nje akianika shuka.