Lehemu Isiyo ya Kiwandani

Katika karakana yao ya Shituru, Guy ndiye aliyekuwa fundi, na Aimée ndiye mwenye mali. Walichapisha vipuri vya plastiki kwa printa ya 3D: gia za cherehani, vifundo vya majiko, chochote ambacho dukani hakipatikani tena.

Mwezi wa tatu, bamba la printa linalopasha moto kipuri kutoka chini lilianza kuzima katikati ya kazi. Joto lilishuka, plastiki ikabanduka, printa ikasimama na kuonyesha kosa. Guy alipima waya zake: kila bamba lilipokwenda mbele na kurudi, mkondo ulikatika. Alipiga video ya kipimo, na ya ufa kwenye lehemu pale waya unapoingia.

Kisha, kwa haraka ya kumridhisha mteja, akaulehemu waya mwenyewe. Bamba likafanya kazi siku mbili, likazima tena.

Garanti ya printa ilikuwa bado hai. Guy aliandika barua kwa watengenezaji, akaambatanisha risiti, namba ya mashine na picha. Video hakuituma, maana ilipigwa kabla hajalehemu, na tofauti yake na picha ingeleta maswali. Mwishoni akaongeza: "Hakuna aliyeligusa bamba." Aimée akasaini bila kuuliza, maana alimwamini.

Jibu lilipofika, Aimée alilisoma kwa sauti. Lilikuwa na adabu tupu: katika picha ya nne, lehemu ya waya wa kushoto si ya kiwandani. Nani aliifanya?

Akainua macho. "Guy, ni nani aliguza?"

Masikio ya Guy yaliwaka. Alitamani kusingizia umeme unaopanda na kushuka, lakini akaghairi.

"Minye, Aimée," akakiri kuwa ni yeye. "Njo minye nililehemu."

"Na uliniachia nitie sahihi?"

"Niliona haya kukuambia."

"Sasa haya iko kwangu pia," alisema Aimée, akamsogezea kompyuta. "Andika. Yote, vile ilipita."

Guy aliandika akiwa ameinamisha kichwa. Tarehe 4, bamba lilizima mara ya kwanza. Tarehe 6, vipimo na ufa. Video hii hapa. Tarehe 7, nililehemu mwenyewe bila ruhusa. Tarehe 9, likazima tena. Barua ya kwanza ilikuwa na uongo. Ni wangu, si wa mwenye karakana. Safari hii alisaini yeye.

Watengenezaji walijibu kwamba video imeonyesha kuwa ufa ulitangulia mkono wake, kwa hiyo watatuma bamba jipya. Ila angeituma mwanzoni, wasingemshuku.

Bamba lilipofika, Guy alilifunga kwa uangalifu na kuliwasha. Aimée akachukua kipimajoto, akapima pembe zote nne mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Guy akasogea pembeni kumpisha, mikono nyuma, asijue auelekeze wapi uso wake.